Ng'ombe Kumi na Watatu Katika Sura ya Tatu

Mwandishi wa makala haya anafundisha Kitale na kusomea uzamili Bungoma. Kati ya miji hiyo kuna matatu, Kiminini, Kamukuywa, Webuye na nauli. Ndiyo maana rasimu zake huzituma kwa barua pepe.

Barua ya kwanza kwa msimamizi wake ilikuwa na aya nne. Moja ilimsalimu, moja ilimwombea afya, moja iliulizia mvua ya Bungoma. Ya nne ilikuwa mstari mmoja: “Naomba maoni yako kuhusu Sura ya Tatu.”

Jibu lilikaa wiki tatu.

“Mwalimu, nimesoma. Ng'ombe kumi na watatu ni sawa, ila blanketi la mama mkwe limeandikwa mara mbili.”

Faili ya mahari ya shemeji yake iliitwa rasimu3. Sura iliitwa rasimu_3. Kumbe aliyepata maoni alikuwa shemeji!

Barua ya pili iliacha habari za mvua. Kichwa chake kilisema: “Sura ya 3, maswali mawili.” Kabla ya kuituma alifungua kiambatisho, akahakikisha hakina ng'ombe. Aliandika hivi:

“Daktari, habari za kazi. Samahani kwa faili ya mahari. Sura yenyewe ni hii, kurasa 18; nilipobadilisha nimepaka manjano. Kwanza, ukurasa wa 44: wakulima wa mahindi ni 400, na kwa fomula ya Yamane nimepata sampuli ya watu 4. Naona ni wachache mno. Nimekosea wapi? Pili, ukurasa wa 52: nimechagua kuwahoji nyumbani, kwa kuwa sokoni wana haraka. Je, sababu hiyo inatosha? Nitashukuru nikipata neno kabla ya tarehe 20, nianze mahojiano kabla ya mavuno. Asante sana.”

Jibu lilifika kesho yake asubuhi. Ungedhani ni mtu mwingine. Msimamizi alikuwa amefungua ukurasa wa 44 kwenye simu, akaona kosa papo hapo: mwanafunzi aliandika kiwango cha makosa 0.5 badala ya 0.05.

n = N / (1 + Ne²)

Kwa 0.5, ile 400 inagawanywa kwa 101, wanabaki wakulima wanne wa kutosha benchi moja. Kwa 0.05 inagawanywa kwa 2, wanakuwa 200. Kuhusu nyumbani alikubali, lakini akataka iongezwe aya moja: mume akiwa nyumbani, mke atajibu kwa uhuru? Hilo mwandishi hakuwa amelifikiria, wala asingeliuliza.

Baadaye, ana kwa ana, msimamizi alikiri kwamba “naomba maoni” humlazimu kwanza kubuni swali: asahihishe lugha, hesabu au hoja? Basi huiweka barua kando hadi apate siku nzima, na siku nzima haipatikani.

Mkulima wa 37 alihojiwa jana, Kiminini. Wamebaki 163.