Nilichukua Mbuzi Tu

Mbele ya nganda moja hapa Kisenge kuna afishi ya michopo. Ni kubwa kama mlango, rangi zake zinapiga kelele: jiko la makaa, sahani ya bukari, moshi, na juu ya maandishi kasimama mbuzi mweupe, kichwa kakigeuza upande kama anayesikiliza bei yake. Mbuzi ni wa jirani yangu. Picha ni yangu. Tangu afishi itundikwe, mtaa mzima umeshatoa hukumu, na kila hukumu inaanza na maneno haya: “Lakini Papa, si mbuzi tu?”

Nilimpiga picha jioni moja juu ya rundo la manganezi. Msomaji wa mbali ajue kwamba hapa kwetu manganezi ilikaa nje miaka na miaka, kwa sababu vita vya Angola viliikata reli ya kwenda Lobito mwaka 1975. Mawe meusi yalibaki yakinyeshewa na mbuzi wakayageuza baraza lao. Nililala kifudifudi kwenye vumbi nipate kumwona kwa chini, nikangoja jua limpite nyuma ya masikio manyoya yang'ae, na nikabofya pale alipogeuka. Suruali ile mpaka leo haijatakata. Picha nikaiweka kwenye hali ya WhatsApp, watu wakasifu, tukalala.

Nilipomfuata kijana aliyetengeneza afishi alinipokea kwa heshima zote, akanipa kiti. “Papa, mimi foto yako sikuichukua,” akasema. “Nilichukua mbuzi tu. Mlima nimekuachia.”

Nikiri kwamba kwa dakika nzima sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa mbele yetu kwenye afishi, kwa sababu kijana alikata vibaya. Katikati ya miguu ya nyuma ya mbuzi amesahau pembetatu ndogo nyeusi inayong'aa, na hiyo si makaa, ni manganezi yetu. Halafu jua langu lilitoka kushoto, wakati jiko lake linawaka kulia, kwa hiyo yule mnyama ana kivuli kinachokimbilia moto. Nami simuni ninayo picha nzima kama ilivyotoka kwenye kamera, pikseli zote, saa na tarehe ndani yake. Nakala inayowekwa kwenye hali ya WhatsApp hubanwa na habari hizo huondolewa. Kwa hiyo akija mtu kudai mbuzi kampiga yeye, mwambieni alete picha kubwa, yenye mlima.

Yaliyobaki ni ya sheria. Kongo tunayo Amri-Sheria Na. 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi, na nchi yetu imo katika Mkataba wa Bern. Huko picha ni kazi ya mtunzi kama wimbo au hadithi. Kinacholindwa si mbuzi. Kesho mtaa mzima waweza kumpiga picha, na mimi sina la kusema. Kinacholindwa ni kile mpiga picha alichokitia mwenyewe: mahali alipolala, mwanga alioungoja, nukta aliyoichagua. Ukikata kipande cha picha, swali ni hili: je, kazi hiyo imo ndani ya kipande? Mbuzi wa afishi ana jua langu masikioni na shingo ileile niliyoingoja. Mkasi ulimtoa mlimani, haukumtoa kwenye ile jioni.

Mwenye nganda naye ana hoja yake: “Uliiweka mwenyewe kwa WhatsApp, kila mtu akaiona.” Ndiyo, niliiweka ionwe. Ruhusa ya kuona haijawa ruhusa ya kuchapisha na kuuzia nyama. Tena afishi ni yake, faida ni yake, kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya kijana wa kompyuta.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila mahali ningeshinda. Marekani kuna msanii tajiri, Jeff Koons, aliyetoa miguu ya mwanamke na viatu vyake kwenye picha ya Andrea Blanch, iliyotoka katika gazeti la Allure mwaka 2000. Aliitia miguu hiyo katika mchoro wake uitwao Niagara, pamoja na miguu mingine, vitamutamu na maporomoko ya maji. Blanch alikuwa amelipwa dola 750 kwa picha yake. Koons, kwa mchoro ule mmoja, ilihesabiwa kwamba alibaki na dola 126,877. Blanch akashtaki, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikampa Koons ushindi. Majaji walisema ameigeuza kazi kuwa kitu kingine chenye maana nyingine. Wakaongeza jambo lililoninyima usingizi: ubunifu wa Blanch ulikuwa katika kuweka miguu ile juu ya mapaja ya mwanamume ndani ya ndege, na hayo Koons hakuyachukua. Alichukua miguu tu! Sikumwonyesha kijana habari hii.

Ila Marekani ina mlango mpana wa matumizi ya haki, ambao majaji huupima kesi kwa kesi. Sheria yetu ya 1986 haikufunguliwa hivyo. Na hata kwa mlango wao, Koons alikuwa akisema jambo kuhusu matangazo na tamaa. Afishi ya michopo inasema jambo gani kuhusu mbuzi wangu, zaidi ya kwamba ataliwa?

Basi nikawaandikia masharti ya ruhusa kwa ujumbe wa simu, ubaki kama ushahidi: picha ni ipi, kwamba anakatwa mbuzi peke yake, kwa afishi ya nganda hii tu, nakala tano, mpaka mwisho wa mwaka, jina langu liandikwe chini, na mbuzi asiongezwe pembe wala kofia ya mpishi. Kofia walikuwa wameshaifikiria. Bei niliyotaja ilikuwa faranga elfu ishirini. Mwenye nganda aliniangalia kama niliyemtajia bei ya lori.

“Tutapiga foto yetu,” akasema.

Na hiyo ndiyo haki yake, nilimwambia hivyohivyo. Ila kijana akawa anapanga kumpandisha mbuzi yuleyule juu ya rundo lilelile, jioni, naye mwenyewe alale chini vilevile. Hapo nikamsimulia basi jekundu la London. Kampuni moja ya majani ya chai ilitaka picha kama ya kampuni nyingine: basi jekundu juu ya daraja, Bunge nyuma kwa rangi ya kijivu, mbingu nyeupe. Wakapiga zao za Bunge, basi wakalitoa kwenye picha nyingine, wakaunganisha. Mwaka 2012 Jaji Birss akasema hata hivyo wameiga, kwa kuwa mpangilio ni wa yule wa kwanza. Kila kipande halali, jumla yake kosa.

Kijana akakuna kichwa, akasema basi atampiga asubuhi, akiwa amesimama, mbele ya ukuta wa shule. Safi kabisa. Wakaenda kwa jirani yangu kumwazima mbuzi.

Jirani, ambaye wiki nzima alikuwa akidai sehemu ya faranga zangu na nikamweleza mara nyingi kwamba mwenye mbuzi si mwenye picha, aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema kweli, picha watakuwa nayo wao. Mbuzi lakini hafunguliwi kamba bila elfu tano, na zilipwe kwanza.