Karani Msafi

Karani wa mizani wa chama chetu cha msingi kule Muleba ni msafi kupita kiasi. Akishapima kahawa ya maganda na kuingiza kilo kwenye simu, hufungua orodha ya programu na kuzitelezesha zote juu hadi zipotee, kama mama anayefagia uwanja wageni wakikaribia.

"Zinakula betri, mwanangu," aliniambia.

Programu ya mizani niliiunda mimi. Kilo hukaa kwenye simu, mtandao ukipatikana zinaenda Bukoba. Kazi ya kutuma niliikabidhi WorkManager. Meneja alitaka ifanyike kila dakika 5. Nikamweleza kuwa kazi ya kujirudia haishuki chini ya dakika 15, na simu ikilala hata hizo 15 hurefuka. Akaniangalia kama fundi anayeomba nyongeza.

Msimu ulianza vizuri. Siku betri ilipokata foleni ikiwa ndefu, Bukoba walishaanza kuandaa lawama. Simu ilipowashwa na mtandao kushika, kilo zikaingia zenyewe, kwani WorkManager huandika kazi kwenye hifadhidata ndani ya simu, kisha huipanga upya simu inapowaka. Nilitembea kifua mbele.

Halafu kimya. Wakulima wanapima, Bukoba hakuna kitu. Nikapanda basi na waya wangu, na bila kuifungua programu nikaiuliza simu:

```
adb shell dumpsys package tz.mizani | grep stopped
```

Jibu: `stopped=true`. Kwenye simu nyingi, kuitelezesha programu hufunga ukurasa tu, na kazi zilizopangwa hubaki. Lakini baadhi ya watengenezaji, kwa uchu wa kuokoa betri, huchukulia kitendo hicho sawa na kubonyeza Force stop. Hapo mfumo hufuta ratiba, na hata ukizima na kuwasha simu, programu iliyosimamishwa haipewi habari. Ni mpaka mtu aifungue kwa mkono. Ndipo WorkManager hugundua ilisimamishwa na kupanga upya kilichomo kwenye hifadhidata.

Mzee aliifungua kila siku, ndiyo. Ila pale mizani hakuna mtandao. Anafungua, anapima, anafagia, ndipo anapanda barabarani kwenye mtandao akiwa na simu safi isiyo na kazi yoyote.

Nikaiondolea programu vizuizi vya betri, nikairuhusu kujiwasha, nikaifunga kwa alama ya kufuli kwenye ile orodha. Mzee akakiangalia kikufuli kwa mashaka. "Ufunguo anao nani?"

Mipangilio hiyo hutofautiana simu kwa simu, na kikufuli hufunguka kwa kidole. Kwa hiyo nikaongeza namba nyekundu kwenye ukurasa wa mbele: *Hazijatumwa: 37*.

Uchafu huo hakuuweza. Sasa meneja analalamika kwamba jioni karani haonekani mizani. Yuko barabarani, programu wazi, mkono juu, anasubiri sifuri ndipo afagie.