Zamu Yangu ya Kushika Mkia

Karakanani kwetu, huku Kahama, tuko mafundi kumi wa malori ya mgodini. Mwaka ule balaa lilipoanza, malori yalitembea, lengo lilifikiwa, hakuna aliyeumia. Msimamizi akapeleka fomu zetu za tathmini ofisini, akarudi uso umemshuka. Watu wa rasilimali watu wamezikataa: kumi wote hatuwezi kuwa wazuri. Wawili wawe bora, saba wa kawaida, mmoja lazima awe mbovu, ili mchoro wao upate umbo la kengele.

Mgao huo aliupa umaarufu Jack Welch, aliyekuwa bosi wa General Electric ya Marekani: asilimia 20 juu, 70 katikati, 10 za chini waonyeshwe mlango. Microsoft nao walikuwa na mfumo wa namna hiyo, wakautupa mwaka 2013. Sisi tumeupata kama mtumba, ulivyo.

Binti yangu anayesoma hesabu chuoni alicheka. Tuseme mgodi una mafundi mia, akaniambia, na kumi kati yao ni wabovu kweli. Wagawe kwa kura katika vikundi vya watu kumi kumi. Kwa wastani, karibu theluthi ya vikundi havitapata mbovu hata mmoja, na vingine vitapata wawili au zaidi. Kengele ni ya umati, baba, kumi hawaichori. Tena sisi hatukuokotwa stendi. Tulisailiwa, wabovu wakaachwa getini.

Zamani zamu ya usiku ikiona hozi ya haidroliki inavuja kidogo, inaandika kwenye daftari la makabidhiano. Siku hizi wanaandika "Lori sawa". Hozi ikipasuka mchana, saa za lori kusimama zinahesabiwa kwangu. Kijana wa mafunzo akiuliza namna ya kusoma geji ya presha, wakubwa wote wanakumbuka chai. Umfundishe mwakani akupite?

Tulikuwa na mwenzetu mmoja mvivu wa kutupwa. Alipotaka kuhamia Geita tulimbembeleza kama bibi harusi. Akiondoka, nani atashika mkia?

Akaondoka. Na kwa kuwa ukishika mkia miaka miwili mfululizo unaitwa kujieleza, tukaanzisha upatu: kila mwaka mmoja anakuwa mbovu, anakosa bonasi, wenzake tunamchangia. Msimamizi anajua, ananyamaza, maana wasimamizi nao wana kengele yao. Ofisini wanatazama mchoro, wanapongezana.

Mwaka huu zamu ni yangu, na ada ya chuo inanisubiri. Mchango wenyewe naujua: nusu pesa, nusu ahadi. Nimemfuata mzee wa kuchomelea tubadilishane.

"Hakuna shida, bhabha," akasema. "Mbuzi wawili. Ila waje kabla sijasaini fomu."