Sifa za Udhuru Mwema

Wanaozilaumu barua za udhuru hawazielewi. Mtaalamu wa pweza akialikwa Dar es Salaam kuizungumzia Ghuba ya Chole huko Mafia, akajibu siku mbili kabla kwamba ratiba imembana na kumpendekeza mwenzake wa ofisi ya jirani, huo ni ustaarabu mkubwa. Cheo ni kilekile, kibao cha mezani kinabadilishwa jina tu. Mwenzake naye akibanwa, atampendekeza yule wa kwanza. Hata mbio za kupokezana vijiti hazina nidhamu hiyo.

Wapo wanaouliza mbona hapendekezwi mmoja wa wanawake wa Jibondo wanaotafuta pweza kwa miguu. Hoja hiyo haina huruma. Mjadala huanza saa nne asubuhi, na siku za bamvua hiyo ndiyo saa maji yanapokuwa yamekupwa; yeye yuko mwambani na kijiti chake, akichungulia tundu lenye magamba ya kaa yaliyotupwa mlangoni, dalili kwamba mwenyewe yumo. Kumwita ni kumnyima kitoweo. Kuusogeza mjadala hadi alasiri, maji yakijaa, kungewatia wajumbe kwenye foleni ya jioni. Tena kumpendekeza kunataka umuulize kwanza kama yuko radhi, uwaandikie waandaaji anachokijua, uwakumbushe nauli ya boti kutoka Jibondo, kisha Kilindoni hadi Nyamisati. Kazi yote hiyo ya nini? Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 na Jibondo imo ndani yake; kusubiri, wanawake hao wameshakuzoea.