Sawa Mzee

Ujumbe wa simu unatosha kwa jambo la upangaji linaloisha siku hiyohiyo: ufunguo umebaki ndani, maji yamekatika, lori la unga limeziba mlango wa duka. Barua inahitajika pale jambo linapogusa kiwango cha kodi, masharti ya upangaji au kuhama. Mpaka huo unaeleweka na kila mtu. Hata hivyo, katika soko kama la Kikima, kule juu kwenye milima ya Mbooni, huvukwa kila mwisho wa mwezi na watu wazima wenye akili timamu.

Tuseme kuna fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele kwa shilingi 3,500 kwa mwezi. Mkataba wa maandishi hakuna. Walipeana mikono mbele ya shahidi ambaye siku hizi hakumbuki hata rangi ya mlango. Jioni ya tarehe 28 Oktoba, mwenye ploti anatuma ujumbe wa WhatsApp: "Habari ya jioni. Kodi 4,500 kuanzia mwezi ujao. Mubarikiwe." Fundi ana pini mdomoni na sare za shule za kumaliza usiku huo. Anajibu, "Sawa mzee," kisha anarudi kwenye pindo lake.

Kwa fundi, "sawa" hiyo ina maana ya "nimeona". Kwa mwenye ploti ina maana ya "nimekubali", na pengine pia "asante". Wote wawili wanakijua Kiswahili vizuri, na hapo ndipo penye shida. Tarehe 1 Novemba mmoja anatuma 3,500, mwingine anadai 1,000, na majirani wanaletewa simu waamue neno moja lina uzito gani.

Sheria ya Kenya haikutaka kuamua hivyo. Sura ya 301, inayosimamia upangaji wa maduka, hoteli na sehemu za vyakula, humlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi. Mwenye nyumba anayetaka kupandisha kodi au kumwondoa hutoa notisi kwa fomu maalumu, yenye sababu, nayo haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi miwili tangu kupokewa. Notisi hukabidhiwa mpangaji mwenyewe, mtu mzima wa familia yake au mfanyakazi wa pale dukani, au hutumwa kwa posta ya rejista. Baraka za jioni hazimo katika fomu hiyo.

Kwa hiyo, hata kama karatasi sahihi ingefika tarehe 28 Oktoba, kodi mpya isingeanza kabla ya 28 Desemba. Fundi angekuwa na mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kama anakubali au anakataa, na akikataa angepeleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaanza kazi. Akinyamaza, notisi hushika. Ujumbe wa WhatsApp haumfungi namna hiyo, ila akianza kutuma 4,500 kila mwezi bila neno, atapata kazi kueleza kwamba hakukubali. Dawa ni barua fupi, nakala mbili: moja inabaki kwa mwenye ploti, nyingine inarudi na sahihi yake na tarehe ya kupokea. Nyumba za kuishi zina sheria nyingine, kwa hiyo mpangaji wa chumba cha ghorofani asiazime miezi miwili ya fundi.

Matengenezo ndiyo hukaa katikati ya ujumbe na barua. Mvua za Novemba zikipenya kwenye bati na kulowesha vitambaa, picha ya simu ndiyo njia bora ya kwanza, kwa sababu hubeba saa na tarehe. Bati lisipozibwa, picha hiyo ifuatwe na barua inayotaja siku ilipotumwa. Kuitegemea simu pekee ni hatari: WhatsApp ina ujumbe unaojifuta wenyewe, mtumaji anaweza kuufuta kwa wote, na simu yenyewe hupenda kuingia kwenye ndoo ya maji. Mazungumzo muhimu yahamishwe nje ya simu na kuchapishwa. Taarifa ya malipo ya M-Pesa huombwa kwa *334#, lakini huonyesha tu kwamba pesa zilitoka. Haisemi zilikuwa kodi ya mwezi gani, wala kama zilikuwa mkopo wa harusi.

Ili kuziba pengo hilo, Sura ya 301 inadai daftari la kodi, lenye majina ya pande zote, kila malipo na kila tengenezo lililofanywa, na mpangaji apewe nakala. Wajibu wa kuliweka ni wa mwenye nyumba, si wa fundi.