La, La, La, Laa: Hizo Ninazo Nyingi

Kuna mteja ambaye kijana wa kibanda cha nyimbo, awe wa Kongowea, wa Likoni au wa Magongo kule Changamwe, humjua kabla hajafungua mdomo. Huja na memori kadi mkononi na haya usoni. Ameusikia wimbo ndani ya matatu, umemganda kichwani siku tatu, na kiitikio chake hakina hata neno moja. "Waimbwaje, mamangu?" kijana humuuliza. Mama hutazama kushoto na kulia, hukohoa kidogo, kisha hutamka kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani: "La, la, la, laa." Kijana humjibu kwa adabu zote: "Hizo ninazo nyingi. Nikupimie za shilingi ngapi?"

Kwa kawaida lawama humwendea mwimbaji, kwamba alilipwa kuimba akaishiwa maneno katikati ya kazi. Mimi naona msiba umeanzia kwa mama. Kiitikio kisicho na maneno kina anwani yake kamili, ila anwani hiyo imo katika mahadhi, yaani pale sauti inapopanda, inaposhuka na inapotulia. Mama ameogopa kuchekwa, kwa hiyo amekisema badala ya kukiimba. Amebeba ganda, ndizi ameiacha kwenye matatu.

Silabi zenyewe si za kutegemewa, wala ukiziandika kwenye simu hazikufikishi mbali. Wewe umesikia "na na na", aliyenakili maneno ya wimbo ameandika "la la la", na mwingine amekiruka kipande chote kwa kuona hakina la kunakiliwa. Tena sikio lina tabia ya kubuni. Mwaka 1939 Solomon Linda alirekodi "Mbube" jijini Johannesburg, na neno lililorudiwarudiwa humo lilikuwa la Kizulu, "uyimbube", maana yake wewe ni simba. Mmarekani Pete Seeger aliisikiliza sahani, akaandika alichosikia: "Wimoweh". Hivyo neno lenye maana safi lilivuka bahari likawa mlio tu, na mamilioni ya watu wakauimba mlio huo bila kujua kwamba wanamsifu simba. Anayeutafuta wimbo kwa tahajia ya Seeger atafikishwa kwa Seeger, wakati mwenyewe Linda yuko chini ya herufi nyingine kabisa. Mahadhi lakini hayakupotea njiani. Ukivumisha ya Johannesburg kisha ya Wamarekani, mwenye sikio atakwambia hawa ni ndugu.

Kwamba mahadhi yanaweza kutafutwa kama neno kwenye kamusi si jambo la juzi. Mwaka 1975 Mwingereza Denys Parsons alichapisha kitabu ambamo nyimbo zimepangwa kwa namna sauti inavyokwenda. Sauti ya kwanza huwekewa nyota. Kila inayofuata hupewa herufi moja ya kueleza kama imepanda, imeshuka au imebaki pale pale. Tumuazime, tuandike P, S na B. Chukua wimbo wa keki, ule ambao watoto huuimba kwa Kiingereza huku mshumaa ukichuruzikia sukari. Mstari wa kwanza una sauti sita: nyota, B P S P S. Uimbe polepole huku ukipandisha na kushusha kiganja, utaona ni kweli. Mstari wa pili huanza kwa kushuka, kisha B P S P S ile ile. Hapo mtu atasema mfumo huu ni kipofu, maana sikio linajua kwamba mstari wa pili huruka juu zaidi kuliko wa kwanza. Kweli, ni kipofu wa urefu wa hatua. Huona uelekeo tu. Na sauti sita zina maumbo 243 basi, kwa hiyo nyimbo chungu nzima hugawana umbo moja kama abiria wa feri wanavyogawana kivuli. Lakini ngoja mstari wa tatu, anapotajwa mwenye sherehe. Kama jina lake lina silabi mbili, njia ni S B P S S S S: sauti hurukia juu mara moja kisha huteremka hatua nne mfululizo. Kufikia hapo ndugu wengi wa kusingiziwa wameshaanguka. Ndiyo sababu mama akiimba kipande kifupi cha kiitikio na kunyamaza kwa aibu, amenyamaza pale pale ambapo angeanza kueleweka.

Wapo watakaosema hawajui kuimba, na majirani zao watathibitisha. Hilo si kizuizi. Umbo la mahadhi halijali umeanzia juu au chini, wala kama sauti yako ni ya chiriku au ya honi ya trela la Changamwe. Linataka upande unapopasa kupanda. Kosa la kawaida ni kuanzia juu mno, pumzi ikakata, na mwimbaji akashuka ili kujiokoa. Ule mshuko haumo katika wimbo, na ndio unaompoteza msikilizaji.

Pingamizi zito zaidi ni la vijana: simu ipo, ya nini kuhangaisha koo? Simu ipo, naam, ila zana zake hazifanyi kazi moja. Shazam hulinganisha rekodi na rekodi. Ukiiwasha wakati wimbo unapigwa ndani ya matatu, huvumilia kelele za utingo na honi kwa ustadi wa kushangaza, lakini ukiiimbia wewe haikutambui, kwa kuwa wewe si rekodi. Aliyeikumbuka alipokwisha kushuka Likoni amechelewa. Hali kadhalika, didijei akiuharakisha wimbo sana, alama inazozitafuta Shazam huhama. Utafutaji wa kuvumisha, ambao Google iliutoa Oktoba 2020, ndio hufuata mahadhi. Hutaka sekunde kumi hadi kumi na tano, na hauulizi maneno. Kasoro yake ni kwamba hupata kilichomo kwenye ghala lake tu. Kaseti iliyouzwa mjini Mombasa na haikupandishwa mtandaoni haimo, na simu badala ya kukiri hukuletea jirani wa mbali mwenye sura ya kufanana.

Na hapa Pwani jirani huyo si wa kudharau. Juma Bhalo na Maulidi Juma walitia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi mengi ya filamu za Kihindi, na kaseti za taarabu hiyo zilitoka kwenye maduka kama Mbwana Radio Service. Basi mtu wa Kisauni huvumisha kipande cha taarabu aliyoisikia arusini, simu ikamletea sinema ya Bombay, naye akasonya na kuifunga kwa hasira. Haikumdanganya, imemwonyesha babu alipouliza mjukuu. Kilichobaki ni kumpelekea jina hilo la Kihindi mzee yeyote aliyekuwa akinunua kaseti miaka ile, akae kidogo, afumbe macho, aanze kuvumisha, kisha aseme, "Ah, hii yetu!" Atautaja wa Bhalo. Mzee wa kibaraza cha pili atasema la, huo ni wa Maulidi, na hapo itabidi waagiziwe kahawa.