Hongera kwa Dharura

Tuwapongeze wakubwa wa kitengo cha mifumo. Cheti cha usalama cha tovuti kingeweza kuhuishwa kimyakimya na kijana mmoja kabla chai yake haijapoa, lakini nani angejua kama kitengo kipo? Barua za onyo zilikuja siku 30, 14 na 7 kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa busara, ombi likawekwa kwenye foleni nyuma ya wino wa printa.

Jumatatu kila Chrome ikaandika `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, na kitengo kikang'ara. Foleni yote ikasimamishwa. Waliosahau nywila wakaambiwa wavumilie, hata fundi wa printa akaitwa chumba cha dharura. Mmoja akaandika amri, wengine wakamtazama mgongoni, na mkurugenzi akauliza kila robo saa kumebaki kiasi gani. Harusi gani hupata wasimamizi wengi hivyo?

Cheti kipya kikawekwa, ila seva haikuwashwa upya, ikaendelea kuonyesha cha zamani. Nasi tukajaliwa saa nyingine ya ushujaa. Aliyependekeza cheti kiwe kinajihuisha chenyewe ameulizwa, kwa haki kabisa: mwakani tutapongezana kwa lipi?